Mtu wa Kunisemea

Tangazo lilibandikwa kwenye ubao nje ya geti la hospitali binafsi, karatasi moja yenye muhuri, juani. Anatakiwa mtunza stoo, nafasi moja. Uzoefu usiopungua miaka kumi. Umri usiozidi miaka arobaini na tano. Mwombaji ataje wadhamini watatu wa kuaminika, mmoja wao awe msimamizi wake wa karibu katika kazi ya mwisho.

Mama Stoo alilisoma mpaka mwisho, akarudi kwenye ule mstari wa umri, akaukazia macho kama mtu anayetazama basi likiwasha injini. Alikuwa na arobaini na tano. Kabla mwaka haujaisha angekuwa amevuka, na akishavuka, hakuna tangazo duniani litakalomtaka tena. Wenye kazi wana ajabu yao. Ukiwa kijana wanasema huna uzoefu, ukishaupata uzoefu wanasema umezeeka, na hapo katikati, ule muda mfupi unaowafaa, ndipo wanapokupunguza.

Yeye alipunguzwa. Miaka kumi na sita alitunza stoo ya vipuri katika kiwanda cha magodoro, mpaka jina lake la kuzaliwa likabaki kwenye karatasi za mishahara tu. Kila mtu alimwita Mama Stoo, hata mkurugenzi. Kisha wafanyakazi wakasimamisha mashine, wakasimama getini wakidai barakoa, maana walikuwa wanakohoa pamba. Barakoa za kitambaa, siyo dhahabu. Mkurugenzi akaita polisi. Miezi michache baadaye ikatoka orodha ya watu waliopunguzwa "kutokana na hali ya biashara", na hali ya biashara, kwa maajabu yake, iliwaangukia wale wale waliosimama getini.

Tangu hapo alikuwa analala sebuleni kwa mdogo wake, mshona nguo, kwenye godoro la kiwanda kile kile. Shemeji yake hakuwa mtu mbaya. Ila siku hizi alikuwa anarudi kazini, anaitazama ile sebule, anasema, "Shemeji, habari za kutafuta?" Siyo habari za kutwa. Habari za kutafuta.

"Watatu ninao," Mama Stoo alimwambia mdogo wake jioni ile. "Lakini siandiki jina la mtu kabla sijamwomba. Nimeona watu wakianguka hivyo. Unaandika jina la mtu, anapigiwa simu yuko sokoni, anauliza, 'Nani huyo?' Basi, umekwisha."

"Haya, dada. Nani na nani?"

"Mwalimu wa kompyuta, yule aliyetufundisha mahesabu ya stoo jioni. Mhasibu wetu wa kiwandani. Na Mzee Spana."

Mdogo wake aliinua uso kutoka kwenye cherehani. "Mzee Spana? Mdhamini?"

"Ndiye msimamizi wangu wa karibu. Nitampata wapi mwingine?"

Mwalimu hakuwa na taabu. Aliuliza kazi gani, akaomba atumiwe tangazo na wasifu wake asome, akasema akipigiwa atasema alichokiona darasani na si zaidi. Mtu wa maana.

Mhasibu alikuwa amehamia kampuni nyingine, jengo la vioo, kiti kinachozunguka. Alimkaribisha vizuri, akamwuliza habari za nyumbani, na alipoombwa akaanza kupanga kalamu zake mezani, kubwa kwa ndogo.

"Mama Stoo, mimi na wewe hatuna neno."

"Hatuna."

"Lakini bosi wangu wa hapa ni shemeji yake mkurugenzi wa kule. Unanielewa. Wakinipigia nikakusifu, ataniuliza, kumbe wewe ni wa wale wa getini."

"Wewe hukuwa getini. Ulikuwa dirishani."

Mhasibu alicheka kidogo, cheko la kukohoa. "Andika jina langu ukitaka. Ila simu yao sitaipokea."

"Heri umesema mapema," alisema Mama Stoo akisimama. "Simu ingeita hewani, wangedhani nimeandika jina la marehemu."

Nafasi yake ikachukuliwa na msambazaji wa fani belti, mikanda ya mashine, aliyemletea mzigo stoo miaka mingi na hajawahi kupata hati yenye kosa. Huyo alikubali pale pale dukani, huku anahudumia wateja, akasema, "Wakinipigia nitawaambia nilikuwa nakuchukia. Ulinirudishia katoni nzima kwa belti moja mbovu. Inatosha?" Inatosha, alisema Mama Stoo, tena sana.

Akabaki Mzee Spana.

Mzee Spana alikuwa msimamizi wa ufundi na stoo, mtu wa mikono mikubwa na maneno machache. Siku ya ule mgomo polisi walimchukua kijana wa mashine ya kuchambua pamba, waliyemwita Pamba kwa sababu alitoka kazini mweupe kichwa kizima. Ndugu wa Pamba walikuwa mbali. Nani atamwekea dhamana? Mzee Spana alivua ovaroli, akaenda kituoni, akaandika jina lake kwenye karatasi ya polisi: mdhamini. Pamba akatoka asubuhi, na akaendelea kutoka. Mpaka leo hajaonekana. Siku ya kesi ilipofika bila yeye, walimchukua aliyemwekea dhamana, wakamlaza ndani na wezi wa kuku. Alipotoka, kiwanda kikamstaafisha: msimamizi aliyelala mahabusu hawezi kusimamia watu. Na wala hakumlaumu Pamba. Alichokichukia ni lile neno. Mkwewe, mke wa mwanawe aliyekuwa akiishi naye, alisema siku moja redioni walitangaza mechi wakawataja wadhamini wa ligi, mzee akainuka akaizima.

Mama Stoo alimkuta barazani, mbele yake feni imefumuliwa, skrubu zimepangwa kwenye kifuniko cha sufuria.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, Mama Stoo. Umekuja kudai spana? Sikuiba hata moja."

"Ile namba kumi na saba ilipotea mikononi mwako."

"Ilimezwa na mashine, nilikwambia!"

Walicheka, na kicheko kilipokwisha akamweleza. Kuna kazi hospitalini. Wanataka mtu aliyenisimamia. Na hapo ulimi wake, uliokuwa umeshaliandaa lile neno tangu nyumbani, ukaliona jasho la mzee shingoni, ukaona mikono ile mikubwa imetulia juu ya skrubu kama kuku juu ya mayai, ukalikwepa.

"Nataka mtu wa kunisemea," alisema. "Watakupigia simu, wakuulize mimi ni mtu wa namna gani kazini. Hakuna kusaini. Hakuna kwenda popote. Ni maneno tu. Kama hutaki, sema hutaki, sitakasirika."

"Kukusemea?" Mzee Spana alifuta mikono kwenye kitambaa. "Mbona hilo jambo dogo. Wanipigie hata sasa hivi."

Alifurahi. Ndicho kitu kilichomfunga mdomo Mama Stoo, ile furaha. Tangu walipomtupa, hakuna aliyekuwa amemwomba kitu zaidi ya feni.

Walikaa wakapanga. Mama Stoo alimwachia nakala ya tangazo aione kazi yenyewe, na wasifu wake, na akamwandikia kwa herufi kubwa tarehe ya kuanza na ya kuacha, ili zisipishane na alizojaza yeye.

"Watakuuliza ulinifahamu vipi. Useme ulikuwa msimamizi wangu."

"Ndiyo."

"Watauliza udhaifu wangu. Usiseme sina, hawatakuamini. Sema nilikuwa mkali, sitoi kifaa bila hati."

"Huo siyo udhaifu, ndiyo kazi."

"Sema hivyo hivyo. Na watauliza kwa nini niliondoka. Useme nilipunguzwa."

Mzee alikunja uso. "Niseme uongo?"

"Siyo uongo. Ndivyo ilivyoandikwa kwenye barua yangu."

"Barua yenyewe ndiyo uongo."

"Mzee, ukiwaeleza habari za getini, kazi sipati. Sema kilichoandikwa, unyamaze."

"Haya," alisema, kama mtu anayemeza dawa. Hivyo ndivyo wanavyotufanya: wanatunga uongo wao, halafu tunaukariri sisi, tena kwa unyenyekevu, ili tupate kula.

Wakafanya mazoezi. Mama Stoo alijifanya mpigaji, kidole gumba sikioni.

"Haloo, napiga kutoka hospitalini."

"HALOO!" Mzee Spana alinguruma. Mkwewe akatoka mbio jikoni.

"Baba, kuna nini?"

"Niko kwenye simu, mwanangu!"

"Mbona simu iko mezani?"

Walicheka mpaka skrubu mbili zikadondoka. Wakaanza upya, polepole, mpaka akaacha kunguruma. Miaka kumi na tano, alisema. Kumi na sita, Mzee, alisema Mama Stoo. Kumi na sita, naam.

Usiku wa siku ile mdogo wake alimsikiliza akisimulia, sindano mdomoni, kisha akaitoa sindano.

"Na neno lenyewe ulimwambia?"

"Neno gani?"

"Dada, usijifanye. Tangazo limesema wadhamini. Atakayepiga atasema mdhamini. Hajui kwamba huyo mzee ana kidonda."

"Watapiga kutoka hospitalini. Akisikia hospitali atajua ni mimi. Nikilitaja mimi lile neno, atakubali kwa heshima tu, halafu asilale. Namjua."

"Mwambie hata kama hatalala. Alale baadaye, ukishapata kazi."

Mama Stoo alisema atamwambia. Alimaanisha. Akarudi barazani kwa mzee mara nyingine, akakuta feni nyingine imefumuliwa na mzee anakariri tarehe zake chini chini kama mtoto wa shule. Akaona aibu kuharibu. Akanywa maji, akaondoka.

Usaili ulikwenda vizuri, hata yeye aliogopa ulivyokwenda vizuri. Walimpeleka stoo ya hospitali, wakamwuliza angepangaje dawa, akasema iliyo karibu kuharibika inakaa mbele itoke kwanza. Wakamwuliza akikuta hesabu ya rafu na ya kompyuta hazilingani, akasema nafunga mlango, sitoi kitu, nahesabu upya na mwenzangu, natoa taarifa siku ile ile. Mwenyekiti wa jopo alimtazama mwenzake. Mwisho wakamwambia, "Kwa upande wetu umepita. Tutawapigia wadhamini wako, kisha tutawasiliana nawe."

"Naomba kuuliza. Atakayewapigia ni nani, ili niwape taarifa?"

"Ofisi," walisema. "Usijali."

Akawapa wote watatu taarifa jioni ile ile: kaeni na simu, hospitali itapiga. Mzee Spana aliitoa simu yake ya vitufe kabatini, akaitia mfuko wa shati, akasema haitatoka hapo hata msibani.

Simu ya Mama Stoo haikulia. Mwalimu akamwambia amepigiwa, mambo yamekwenda sawa. Mwuza belti naye akapigiwa, akasema alimchongea vizuri sana. Mzee Spana, alipoulizwa, alijibu, "Bado, Mama Stoo. Niko macho." Wiki ikapita. Shemeji hakuuliza tena habari za kutafuta, na huko kutouliza kulikuwa kubaya zaidi.

Akaenda hospitalini. Mapokezi wakamwambia hapa hatupigi simu za watu, kazi hiyo tumewapa wakala wa ajira, mtaa wa nyuma, ghorofa ya pili. Alipanda ngazi akijua.

Afisa wa wakala alikuwa msichana nadhifu, mwenye adabu, sauti ya chini. Alifungua faili kwenye kompyuta, akasoma, akamtazama kwa huruma, na huruma ya mtu aliye nyuma ya meza ni kitu kizito kukibeba.

"Dada, huyu msimamizi wako alikukana."

"Haiwezekani."

"Nilimpigia mwenyewe. Nikasema, 'Shikamoo mzee, napiga kutoka wakala wa ajira, tumepewa namba yako kama mdhamini wa...' Hakunipa hata nafasi ya kutaja jina lako. Alisema, 'Mimi simdhamini mtu, hata awe mama yangu mzazi.' Akakata. Nikapiga tena, maana utaratibu unasema tupige tena. Akaniambia nikiendelea atanipeleka polisi."

Mama Stoo alikaa bila kuombwa kukaa.

"Mwanangu, ni neno hilo. Alimwekea mtu dhamana polisi, wakamfunga yeye. Mpigie sasa. Usiseme mdhamini. Mwambie unampigia kuhusu Mama Stoo, basi. Atakwambia kila kitu, tarehe amezikariri. Mpigie mbele yangu."

Msichana hakuigusa simu. "Nakuelewa, dada. Kweli kabisa. Lakini fomu nimeshaijaza na kuipeleka. Swali linasema: msimamizi wa karibu amethibitisha, ndiyo au hapana. Haina pa kuandika maelezo."

"Haina?"

"Haina. Na hospitali imeshamchukua wa pili. Ameripoti jana."

Miaka kumi na sita ya kutunza mali ya watu bila kupotea msumari, na kipimo kikawa mzee mmoja aliyeshtuka kwa sekunde chache kwenye simu. Mkurugenzi aliyewakohoza watu pamba, ingeulizwa habari yake, angethibitishwa na nusu ya mji. Hakuna fomu inayomwuliza yeye nani atamsemea.

"Kama ikitokea nafasi nyingine, tutawasiliana," msichana alisema. Kisha akasoma kitu kwenye kompyuta, tarehe ya kuzaliwa bila shaka, akayashusha macho.

Hakwenda nyumbani. Miguu ilimpeleka kwa Mzee Spana, na njiani alikuwa na hasira za kutosha kuvunja feni zote barazani pale. Atamwambia. Atamwambia umeniua, mzee wangu, kwa mdomo wako mwenyewe. Halafu hatua chache mbele hasira ikamgeukia yeye mwenyewe, maana nani aliyemficha mwenzake neno? Nani aliyeambiwa na mdogo wake, waziwazi, akaona aibu?

Mzee alikuwa amevaa shati safi. Mfuko wa kifuani umevimba simu.

"Karibu, karibu! Umekuja kuuliza? Bado hawajapiga hao watu wako."

"Hawajapiga?"

"Wapi! Nakaa nayo hata chooni. Waliopiga ni matapeli tu. Msichana, sauti nyororo, ati wakala, ati mdhamini wa nani sijui." Alilitema lile neno kama ganda. "Nikamwambia maneno, Mama Stoo! Ungenisikia ungeniona mwanamume. Hawatanikamata mara ya pili."

Alikuwa anacheka, akimngoja acheke naye. Mlangoni mkwewe alikuwa amesimama na kikombe cha chai cha mgeni. Alimtazama Mama Stoo usoni, na kicheko chake kidogo kikakoma. Yeye alikuwa ameelewa. Akatikisa kichwa polepole sana, usimwambie, au pengine ilikuwa pole. Akaweka chai, akarudi ndani.

"Wamekawia kweli," alisema Mama Stoo.

"Waambie waharakishe, kichwa changu hiki kinasahau. Hebu nipime. Jifanye wewe ndiye wao."

"Leo nimechoka, Mzee."

"Mara moja tu. Nisije nikakuaibisha."

Aliitazama ile mikono. Kwenye kifuniko cha sufuria skrubu zilikuwa zimepangwa kubwa kwa ndogo, hakuna iliyopotea. Akanyanyua kidole gumba akakiweka sikioni. Neno lilikuja mpaka kwenye meno. Lingefaa nini sasa?

"Haloo. Napiga kuhusu Mama Stoo."

"Haloo," alisema Mzee Spana, kwa sauti tulivu, nzuri, kama mtangazaji. "Ndiyo, namfahamu. Nilikuwa msimamizi wake miaka kumi na sita. Hajawahi kupoteza kitu cha mtu, isipokuwa spana moja, na hiyo niliipoteza mimi. Ni mkali, hatoi kifaa bila hati, na huo siyo udhaifu, ndiyo kazi. Alipunguzwa." Akasita hapo, akaziruka habari za getini. "Ningekuwa na stoo leo, ufunguo ningempa yeye. Hata nikiwa nalala."

Hakukosea hata neno moja.

"Asante, mzee," alisema Mama Stoo. Kidole kilikuwa bado sikioni. "Tutawasiliana."